Picha Hukataa, Haipitishi: Kuzitambua Oksimita na Vipimajoto kwa Macho

Mhadhara uliotolewa Dongobesh, wilayani Mbulu

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kazi yangu ni kuzifungua mashine za hospitali zikigoma, kuzisafisha, kuzipima na kuzirudisha kazini. Leo sikuja na mashine hata moja. Nimekuja na picha, kwa kuwa siku hizi mashine hazitangulii kufika kwangu. Hutangulia picha.

Yuko kijana wa kijiji cha hapa jirani ambaye mama yake ana ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi. Mama alipotoka wodini, tabibu alimshauri kijana atafute kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ili wajue mapema hali inapobadilika. Ushauri ule ulikuwa na maana, maana anayekaa huku anajua gharama ya safari ya usiku kwenda Haydom, au kuteremka Dareda wakati wa masika. Kijana akampata mfanyabiashara wa mjini, mfanyabiashara akamtumia picha tatu kwa WhatsApp, naye kijana akanirushia mimi zote pamoja na maneno manne: "Kaka, hiki ni kizima?"

Nitawaeleza nilivyomjibu, picha kwa picha. Ila kuna jambo moja nataka mlishike tangu sasa, kwa sababu wengi huja kwangu wakilitarajia kinyume chake. Picha inaweza kukikataa kifaa. Haiwezi kukipitisha. Nikiona kasoro fulani kwenye picha nitasema "usinunue" bila kigugumizi. Nisipoiona, sitasema "nunua", nitasema "sijapata sababu ya kukikataa, hebu tuendelee kuuliza." Hayo ni majibu mawili tofauti, na tofauti yake iko ndani ya kifaa chenyewe, mahali ambapo kamera haifiki.

Tuanze na picha ya tatu, kwa kuwa ndiyo rahisi. Mfanyabiashara alikuwa ameongeza kipimajoto kama zawadi: ukinunua cha oksijeni unapewa na hiki. Kilikuwa cha umbo la bastola, vile tulivyovizoea milangoni mwa ofisi na mabenki mwaka 2020 wakati wa korona. Picha ilikuwa safi. Kwenye ubavu wa kifaa niliweza kusoma -50~380°C, na juu ya mdomo wake palikuwa na matundu mawili, moja kubwa na moja dogo.

Hapo sikuhitaji kuendelea. Binadamu hana nyuzi 380. Kipimajoto cha mwili kinachopima kwa mbali huandikwa masafa mafupi, mara nyingi kuanzia nyuzi 32 hadi 42.9 au karibu na hapo, kwa sababu nje ya hapo hakuna mgonjwa wa kumpima. Kile kilichoandikwa hadi 380 ni cha mafundi: cha kupima injini, mabomba, tanuri la mkate, nyaya za umeme zinazochemka. Lile tundu dogo ni la taa ya leza, ile nukta nyekundu inayomwonyesha fundi mahali anapolenga. Vipimajoto vya paji la uso kwa kawaida havina leza, kwani hakuna mwenye akili anayetaka kuielekeza karibu na macho ya mtoto. Ukiona kwenye kioo herufi EMS pamoja na namba kama 0.95, hiyo nayo ni alama ya kifaa cha kiwandani. Cha mwili huwa na kitufe au maandishi ya kuchagua kati ya Body, yaani mwili, na Surface, yaani kitu kingine kama maziwa ya chupa.

Mtu ataniuliza: joto si joto tu? Hapana. Vile vya viwandani huruhusiwa kukosea kwa nyuzi moja na nusu au mbili juu au chini, na kwa fundi wa tanuri hilo si neno. Kwa mtoto mwenye nyuzi 37 halisi, kifaa hicho kinaweza kusema 35.5 au 38.5 na bado kikawa kinafanya kazi kama kilivyoahidi. Tena ngozi ya paji la uso huwa na ubaridi kuliko damu ya ndani, hasa hapa Mbulu asubuhi ya Julai. Kifaa cha mwili kimewekewa hesabu ya kuligeuza joto la ngozi kuwa joto la ndani. Cha kiwandani hakina hesabu hiyo, kinakupa ngozi kama ilivyo. Mtoto mwenye homa aliyetoka nje kwenye baridi atasomeka mzima.

Kipimajoto kile kingine, cha kijiti, ambacho ndicho kimechukua nafasi ya cha zebaki, ni rahisi kukitambua: ncha ya chuma, kioo kidogo chenye tarakimu za kijivu, na kifuniko cha betri mkiani ambamo mara nyingi hukaa betri ndogo ya kifungo inayoitwa LR41. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana kati ya nchi vile vya zebaki, kwa hiyo hivi vya kijiti ndivyo tutakavyoishi navyo. Kwenye picha, usishtuke ukiona kioo kimeandika Lo. Maana yake ncha haijagusa mwili, joto liko chini ya nyuzi 32. Na usishtuke ukiona 98.6, hicho kimewekwa kwenye Farenhaiti, ukikigeuza ni nyuzi 37 za Selsiasi. Angalia herufi iliyo pembeni ya namba, C au F, kabla hujamkimbiza mtu hospitali.

Sasa turudi kwenye oksimita, maana ndiyo iliyomleta kijana.

Picha ya kwanza ilionyesha kidole kimebanwa na kioo kinang'aa. Mfanyabiashara alikuwa ameikata karibu mno, ikabaki mistari miwili ya namba tu. Kijana alisoma juu 69, chini 86, na akaniandikia kwa hofu: oksijeni 69, huyu mtu yuko hai kweli? Nikamwambia, geuza simu kichwa chini miguu juu. Akageuza. Namba zikawa 98 juu na 69 chini.

Tarakimu hizi za vijiti saba zina mchezo huo. Tisa ukiipindua huwa sita, nane hubaki nane, na 98 iliyopinduliwa husomeka 86. Sabini kasoro moja, yaani 69, ukiipindua inabaki 69, na hapo ndipo mtego ulipomnasa, kwa sababu hakuona kitu chochote kilichokaa vibaya. Oksimita nyingi hukuruhusu kugeuza mwelekeo wa maandishi kwa kubonyeza kitufe, na mpiga picha naye hushika simu atakavyo. Ndiyo maana nawaomba mkipiga picha msikate pembeni. Acheni herufi zionekane: penye SpO2 ndipo penye oksijeni, kwa asilimia; penye PR ndipo penye mapigo ya moyo kwa dakika. Kama herufi hazipo, tafuta ule mnara mdogo wa vistari unaopanda na kushuka kwa kila pigo. Mnara huota kutoka chini kwenda juu. Ukiuona umening'inia kama popo, picha imepinduka.

Kuna hila nyingine ya kamera ambayo huwafanya watu wakikatae kifaa kizima. Vioo vya taa haviwashi kila sehemu kwa wakati mmoja; huwasha kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Jicho huona namba nzima, lakini kamera huweza kunasa zamu moja tu, ukapata tarakimu iliyokatika au mstari mweusi katikati ya kioo. Hiyo si hitilafu. Piga tena picha tatu nne, au piga mahali penye mwanga hafifu ili kamera ikae wazi muda mrefu kidogo.

Basi picha ya kwanza ilituambia nini kuhusu ubora? Nitawashangaza: karibu hakuna. Ilituambia kwamba ni oksimita, kwamba inawaka, na kwamba juu ya kidole cha mtu fulani, pengine mfanyabiashara mwenyewe, iliandika 98. Kwa nini hilo halitoshi, inabidi niwafungulie kifuniko kidogo.

Ndani ya oksimita, kwenye taya moja, kuna taa mbili. Moja ni nyekundu unayoiona. Nyingine ni ya mwanga ulio nje ya wekundu ambao jicho halioni. Kwenye taya la pili kuna kioo kidogo cha kupokea. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hunyonya mianga hii miwili kwa viwango tofauti, na kila moyo unapopiga, damu mpya huingia kidoleni na kuubadilisha mwanga unaopita. Mjapani Takuo Aoyagi, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Nihon Kohden, ndiye aliyeligundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970: kwamba ukifuata kile kinachopigapiga tu, unaweza kuiacha nyama na mfupa na kuisoma damu ya mshipa peke yake. Kifaa hupata uwiano wa mianga miwili. Uwiano ukiwa 1, oksijeni ni kama asilimia 85.

Lakini uwiano haugeuki asilimia wenyewe. Unahitaji jedwali, na jedwali hupatikana kwa kazi ngumu: watu wazima wenye afya, waliokubali wenyewe, huvutishwa hewa yenye oksijeni inayopunguzwa hatua kwa hatua hadi damu yao ifike karibu asilimia 70, huku damu ya mshipa ikichukuliwa na kupimwa maabara kila hatua. Kiwanda kinachofanya hivyo hutumia fedha. Kiwanda kisichotaka hunakili jedwali la mwenzake, ambalo lilitengenezwa kwa taa nyingine na kipokezi kingine. Kwa nje vifaa vyote viwili vinafanana kama mayai.

Tena vinafanana hata vinapofanya kazi, ilimradi aliyevaa ni mzima. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima aina sita za oksimita za bei rahisi kwa njia hiyo ya kupunguza oksijeni. Mbili tu kati ya sita zilitimiza kiwango cha kimataifa. Zile nyingine hazikuwa mbaya kwa watu wenye oksijeni ya kutosha. Ziliharibika damu ilipoanza kupungukiwa, yaani pale pale ambapo mgonjwa anazihitaji. Sasa mnaelewa kwa nini picha ya 98 hainipi usingizi. Hata saa iliyokufa ingeandika 98 juu ya kidole cha mfanyabiashara mwenye afya, tungeiamini.

Niongeze la kwetu wenyewe. Tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga. Mtu mzima asiye na ugonjwa hapa akionyesha 95 au 96 si ajabu. Kifaa kinachompa kila mtu 99, mzee na mtoto, aliyepumzika na aliyepandisha kilima na gunia la vitunguu saumu, mimi nakitilia shaka kuliko kile kinachobadilika.

Picha ya pili ilikuwa ya mgongo wa kifaa. Hii ndiyo picha ninayoipenda, na ndiyo ambayo wauzaji hawapendi kuituma. Kwa bahati mbaya WhatsApp huibana picha ili ipite upesi, na maandishi madogo ndiyo ya kwanza kufa. Nilimwambia kijana amwombe mfanyabiashara aitume upya kama Document, si kama picha ya kawaida, na aweke kando ya kifaa kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku ile kwa mwandiko wake. Hiyo karatasi siyo ubishi. Picha nyingi za wauzaji zimechotwa kwenye katalogi, na zile namba zinazong'aa zimechorwa. Karatasi inathibitisha kwamba kifaa kipo mkononi mwake, leo.

Picha ilikuja siku ya pili. Nilitafuta kwanza jina la kiwanda na anuani yake, ambavyo hukaa pembeni ya alama ndogo inayofanana na jengo lenye bomba la moshi. Jina la kuvutia la mbele ya boksi si jina la kiwanda. Kisha namba ya aina ya kifaa, halafu namba yake binafsi, iliyoandikwa SN, au ya toleo, LOT. Namba ya SN ni kama namba ya chesisi ya pikipiki: ya kwenye kifaa ifanane na ya kwenye boksi, na vifaa viwili visiwe na SN moja. Niliwahi kuletewa boksi la vifaa kumi, vyote vina SN ile ile. Sikuhitaji kuvijaribu.

Baadaye nikatafuta alama ya mtu mdogo ndani ya mraba. Hiyo humaanisha sehemu inayogusa mwili imelindwa dhidi ya umeme kwa kiwango fulani. Kwenye oksimita za kidole mara nyingi utaona pia kengele iliyokatwa kwa mstari, maana kifaa hakina king'ora, hakitakuamsha mgonjwa akizidiwa. Ni alama za kuchosha, na kwa sababu hiyo hiyo zina faida: anayetengeneza kitu cha kuchezea hazijui, au huzipanga ovyo.

Na mwisho CE, ambayo watu huiheshimu kupita kiasi. CE ni alama ya soko la Ulaya. Mmesikia hadithi kwamba CE ikibanana herufi zake maana yake ni bidhaa ya Uchina. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo. Ni kweli kwamba alama halali imechorwa kwa duara mbili, na nafasi kati ya C na E ni pana, lakini mwizi mwenye rula anaweza kuichora vizuri. Kinachonisaidia mimi ni namba. Oksimita na kipimajoto cha kielektroniki cha mwili haviruhusiwi Ulaya kwa neno la kiwanda peke yake. Lazima taasisi ya nje ikague, na namba yake yenye tarakimu nne huandikwa kando ya CE, kwa mfano 0123 au 0197. CE isiyo na tarakimu nne juu ya redio ni sawa. Juu ya kile kipimajoto cha mafundi ni sawa pia. Juu ya oksimita inayouzwa kama kifaa tiba, ina maana hakuna aliyeikagua, au aliyeichapa lebo hakujua anachoiga.

Hali ni hiyo hiyo kwa boksi lililopambwa na nembo ya FDA ya Marekani. Mamlaka ile hairuhusu nembo yake kuwekwa kwenye bidhaa, na wala haitoi cheti kwa kiwanda eti kimesajiliwa. Kifaa kilichokaguliwa kwao kina namba inayoanza na K ikifuatwa na tarakimu sita, na namba hiyo hutafutwa kwenye hifadhidata yao bila malipo.

Kwetu hapa mwenye neno ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Ndiyo inayosajili vifaa tiba nchini, na ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Jina la kiwanda na namba ya aina mlivyosoma mgongoni ndivyo vya kuwauliza. Mkiwauliza "oksimita ya bluu" hawatawasaidia, na si kosa lao.

Kifaa cha kijana kilikuwa na CE kavu, bila tarakimu. Hakikuwa na SN. Jina la kiwanda halikuwepo, isipokuwa jina la biashara. Na ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo kuliko zote, paliandikwa kwa Kiingereza kwamba kifaa ni cha wanamichezo na marubani, si cha matibabu. Nilimwandikia: "Rudisha salamu, usinunue." Mfanyabiashara alikasirika, akasema ameuza vingi bila malalamiko. Naamini ni kweli. Nani atalalamika, kama kifaa humwambia yuko salama?

Tuseme basi lebo zote ziko sawa. Hapo ndipo naacha kuomba picha na kuomba video ya nusu dakika, bila kukatwa. Ianze kifaa kikiwa kimezimwa na taya ziko wazi. Kikiwashwa, taa nyekundu ionekane kwenye taya moja na dirisha la kupokea kwenye la pili. Nimewahi kuona vyenye taa upande mmoja na plastiki tupu upande wa pili. Ukiielekezea kamera ya mbele ya simu, wakati mwingine utaona pia weupe wa zambarau karibu na ule wekundu, ndio mwanga wa pili. Usipouona usihukumu, kwani simu nyingine huuchuja. Kisha, bila kidole, kioo kiandike Finger out au vistari tu. Kidole kikiingia, zipite sekunde kadhaa za vistari kabla ya namba, kwa sababu kifaa kinasubiri mapigo machache kabla ya kusema. Kinachotoa 98 papo hapo kama mtu aliyekariri jibu, kiacheni.

Mtaona watu mitandaoni wakibana penseli na kupata namba, wakacheka kwamba oksimita zote ni uongo. Jaribio hilo silipendi. Hata oksimita nzuri huweza kudanganywa na penseli inayotikisika mkononi. Jaribio zuri ni mapigo: mtu ahesabu kwa vidole vyake kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, namba ya PR ilingane naye kwa karibu, kisha apande kilima na kurudi, apime tena. PR isipopanda, kile ni kitu cha kuchezea.

Na angalieni kucha. Hina nyeusi na rangi za kucha huuzuia mwanga, kidole chenye baridi hakina damu ya kutosha kusomwa. Mama zangu mliotoka harusini, tumieni kidole kisicho na hina.

Kuhusu ngozi nitasema waziwazi kwa sababu inatuhusu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, ukilinganisha oksimita na damu ya mshipa, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa weusi ambao oksimita ilisema wana asilimia 92 hadi 96, takriban 12 katika kila 100 walikuwa chini ya 88 kwa kipimo cha damu. Kwa weupe walikuwa kama 4. Hizo zilikuwa oksimita za hospitali, za majina makubwa. Ongezeni hapo kwamba kiwango chenyewe cha kimataifa huruhusu kosa la asilimia 4, na kwamba hiyo ni kwa theluthi mbili hivi ya vipimo, vingine huweza kukosea zaidi. Kwa hiyo 93 ya mtu anayehema kwa shida si habari njema. Mtazameni mgonjwa kwanza, kioo baadaye. Mtoto anayevuta mbavu ndani apelekwe kituo cha afya hata kama kidole kinaandika 97.

Yule kijana alinunua baadaye oksimita nyingine kwenye famasi, baada ya kunitumia picha ya mgongo wake: kiwanda kipo, SN ya boksi na ya kifaa ni moja, tarakimu nne zimo. Bado sikusema ni nzuri. Nilimwambia akienda kliniki na mama aibebe, aombe wambane vidole viwili vya mkono mmoja, kimoja na oksimita ya kituo na kingine na yake, wasubiri namba zitulie. Ya kituo ilisoma 91. Yake ilisoma 92. Walirudia baada ya mama kutembea uani, zikawa 88 na 90. Hapo ndipo nilipomwandikia kwamba ni nzima, kwa sababu ilishuka pamoja na mwenzake damu iliposhuka, kitu ambacho hakuna picha ingenionyesha.

Dirisha lile bado lina mwanga wa kutosha kusomea herufi ndogo. Mwenye oksimita au kipimajoto mfukoni, au picha yake kwenye simu, akilete hapa mezani sasa. Tutaanza na mgongo.